Mama Aliyesema Amekula

Kwetu ukiingia nyumba ya mtu na uulizwe kama umekula, jibu ni moja: nimekula, asante. Hata kama tumbo inanguruma mpaka mwenye nyumba anaisikia. Unasema umeshiba, yeye anasema haiwezekani, unasema ukweli kabisa, yeye anaweka sufuria kwa jiko bila kukuuliza tena, na mwishowe unakula sahani mbili. Hivyo ndivyo nililelewa. Sikuwahi kufikiria ati hayo maneno siku moja yanaweza kuangusha mtu.

Nilikuwa nimemaliza fomu foo. Matokeo yangu hayakuwa mabaya ya kulia na hayakuwa mazuri ya chuo, yalikuwa tu ya kukaa nyumbani na kutumwa dukani. Mjini kulikuwa kumeanza kutulia baada ya vurugu za uchaguzi. Maduka yaliyochomwa yalikuwa yanapakwa rangi upya, na watu walikuwa wanasalimiana kwa sauti kubwa kidogo kuliko zamani, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Nikapata kazi kwa kliniki ya meno, ghorofa ya kwanza, juu ya duka ya mbegu na dawa za ng'ombe. Ukipanda ngazi ulikuwa unanusa dawa ya kupe kwanza, halafu karafuu.

Daktari alikuwa mmoja tu, na mimi nikawa mkono wake wa pili. Nilikuwa naosha vyombo na kuvichemsha, naita wagonjwa, nashika mrija wa kufyonza mate. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alikuwa anaongea polepole mpaka nilikuwa namalizia sentensi zake kichwani. Mimi ni mtu wa haraka. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua koti.

Mtu wa kwanza kuzimia mbele ya macho yangu kwa ile kliniki alikuwa mimi mwenyewe. Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Daktari alikuwa anang'oa gego ya dereva mmoja wa lori la mahindi, mtu wa mabega kama mlango, na mimi nimeshika mrija. Nikaona damu. Nikasikia joto imepanda shingoni, nikapiga miayo, halafu masikio yakajaa kama niko chini ya maji. Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, miguu yangu imewekwa juu ya kiti kidogo, na daktari amepiga goti, ameshika mkono wangu.

"Umerudi," alisema. "Karibu kazini."

Dereva alikuwa ameinama kutoka kwa kiti, pamba mdomoni, ananiangalia kwa huruma. "Ah siste," alisema, maneno yakipita kando ya pamba, "si ungesema tu, ningekupisha nikalale mimi hapo chini."

Baadaye daktari alinikalisha na chai. Aliniambia mpigo wa mshipa wangu ulikuwa umepungua ukawa wa polepole kama wa ng'ombe amelala, ngozi yangu ilikuwa baridi na rangi imenitoka, na kwamba mara tu aliponilaza na kuinua miguu, damu ilirudi kichwani nikaamka kabla hajamaliza kuita jina langu. "Hiyo ni kuzimia ya woga," alisema. "Inakuja haraka na inaondoka haraka. Ukimlaza mtu na asirudi vizuri, acha kusema ni woga. Tafuta kitu ingine."

Nikasema sawa, nimeelewa. Alikuwa bado hajamaliza.

"Kila mtu akiwa hapa kwa kiti atakuambia neno moja. Kizunguzungu. Mwenye ameogopa atasema kizunguzungu, mwenye ako na njaa atasema kizunguzungu, mwenye mwili wake umekataa dawa atasema kizunguzungu. Hiyo neno ni mlango tu. Lazima uufungue uone nani ako ndani."

Mwili kukataa dawa niliuona kabla ya mwaka kuisha. Kuna kijana alikuwa na duka ya shuka na viatu huko chini ya barabara, familia yao ilitoka kaskazini, na alikuwa mtu wa kucheka hata akiwa na maumivu. Alikuja shavu limefura, na akiwa kwa ngazi akameza kapsuli ya antibayotiki aliyopewa na rafiki yake, ndio asipoteze wakati. Hakutuambia. Alikaa kwa kiti, daktari bado anavaa glavu, hajamdunga hata kitu. Kijana akaanza kukuna viganja. Akakuna shingo. Nikaona vipele vimetoka shingoni vikubwa vyekundu, kama mtu aliyepita kwa upupu, na midomo inanenepa nikiangalia hivi. Akajaribu kufanya mzaha, sauti ikatoka nyembamba, na kifua kikaanza kupiga mluzi.

Hiyo ndiyo siku nilijua daktari anaweza kuongea haraka. "Adrenalini. Boksi nyekundu." Alimdunga pajani, upande wa nje, moja kwa moja kupitia suruali. Akaniambia nipige simu ya ambulensi, nimweleze wa upande ule neno lenyewe, kwamba ni mzio mkali, si mtu ameanguka tu. Kijana hakulazwa chali, kwa sababu pumzi ilikuwa inamshinda. Aliachwa ameegemea, miguu imenyooshwa mbele, oksijeni usoni, na daktari alikataa kabisa asimame hata alipoanza kusikia nafuu. Sindano ya pili ilikuwa tayari mkononi kama ya kwanza ingeshindwa. Haikushindwa. Ambulensi ilimpeleka, hospitali wakamlaza wamwangalie, kwa sababu hiyo kitu inaweza kurudi. Wiki iliyofuata aliingia na pakiti ya tende.

"Hizi ni za msichana," alimwambia daktari. "Wewe hupati. Wewe ulinitoboa suruali mpya."

Kwa hivyo nilikuwa na sura mbili kichwani. Yangu mimi sakafuni, na ya huyo kijana. Nilikuwa naona nimeiva.

Sasa lazima niseme kuhusu Mama, si mama yangu mzazi, ni jirani tuliyekuwa tunamwita hivyo tu.

Nyumbani kwetu ni ukingoni mwa Munyaka, mahali mtaa unaisha na malisho yanaanza. Mama yangu alikuwa na ng'ombe, na tangu nikiwa mdogo kazi yangu ya asubuhi kabla ya shule ilikuwa kupeleka maziwa kwa jirani mmoja. Yeye na bwana yake walikuwa wamekuja zamani kutoka upande wa kati, kabla mimi nizaliwe. Mzee alikuwa na duka ndogo, Mama alikuwa analima sukuma na vitunguu nyuma ya nyumba. Hakuwahi kuniita kwa jina. Alikuwa ananiita mtoto wa maziwa. Ningefika na kibuyu changu cha plastiki, angemimina, na kabla sijageuka angekuwa amenipa kipande cha mkate kimepakwa siagi pande zote mbili, ati ndio nisichague. Nilikuwa nakikula nikikimbia.

Halafu uchaguzi ukaharibika. Sitaki kuandika yote. Nyumba yao iliungua na duka ikaungua, na waliochoma walikuwa wanaongea lugha yenye sisi tunaongea nyumbani. Asubuhi iliyofuata mama yangu alikamua kama kawaida, kwa sababu ng'ombe hajui siasa, na akasimama kwa ua na ile maziwa mkononi. Hakukuwa na wa kumpelekea. Mama na Mzee walikuwa wameenda kambini, kwa wale wengine waliofukuzwa makwao.

Walirudi baadaye sana. Walijenga chumba kimoja cha mabati pale pale kwa msingi wa zamani. Mama alikuwa amekonda, na huko kambini ndiko aliambiwa ako na sukari. Alikuwa anatusalimia vizuri, huwezi kusema alinuna. Lakini hakuchukua tena kitu kutoka kwa mkono wa mtu, si wetu peke yetu, wa mtu yeyote. Kama kuna matanga alikuwa anakaa, anaomba na wengine, na chai ikianza kupitishwa anainuka. Mama yangu alinituma na maziwa mara moja. Mama alisimama mlangoni na kunishika bega.

"Asante, mtoto. Tumekunywa."

Hakusema tutakunywa, alisema tumekunywa. Nilirudi na ile maziwa kama nilivyoenda nayo, na mama yangu aliiangalia, akampa paka. Baada ya hapo tulikuwa tunamwona Mama akipita kwa geti yetu na maziwa ya pakiti kutoka dukani.

Ndio maana nilishtuka siku aliingia kliniki, Mzee nyuma yake ameshika kofia. Alikuwa amefunga leso shavuni. Aliponiona alisimama.

"Kumbe ni hapa unafanya?"

"Ni hapa, Mama. Karibu."

Niliona akiangalia mlango tena, kama mtu anayehesabu hatua za kurudi. Lakini jino halina adabu. Alikaa.

Daktari alimuuliza maswali mwenyewe, kama kawaida yake. Ako na ugonjwa gani? Sukari. Anatumia dawa? Ndio, tembe, amemeza asubuhi. Na amekula?

"Nimekula, asante," alisema Mama.

Nilisikia hiyo asante. Ilipita masikioni mwangu kama salamu, na hata kwa daktari iliingia hivyo hivyo, kwa sababu sisi wote tumelelewa nyumba moja kwa hiyo jambo. Mtu akiulizwa na daktari kama amemeza dawa, hasemi asante. Anasema asante akikaribishwa.

Halafu stima ikapotea. Tukangoja. Mama alikaa kwa benchi na leso yake, na Mzee anamwambia hadithi ya mtu aliyeng'olewa jino na fundi wa baiskeli. Stima iliporudi jua lilikuwa juu ya paa. Tukamkalisha kwa kiti, daktari akamdunga ganzi kwa taya ya chini, taratibu kabisa, na Mama hakukunja hata uso. Tukasubiri ganzi ishike.

Nilikuwa napanga vyombo. Nilipogeuka, kipaji cha uso wake kilikuwa na jasho, si jasho ya joto, jasho ya matone. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya mapaja.

"Nasikia kizunguzungu," alisema.

Moyoni nikasema, hii naijua, hii ni yangu. Daktari alikuwa ameshashusha kiti, kichwa kikaenda chini na miguu ikapanda. Nikasubiri arudi kama mimi nilivyorudi. Nilikuwa hata nimeandaa tabasamu. Lakini Mama hakurudi. Daktari alikuwa ameshika mkono wake na vidole viwili, na nikaona uso wa daktari ukibadilika.

"Shika hapa," aliniambia.

Nikashika. Ule mshipa haukuwa wa ng'ombe amelala. Ulikuwa unakimbia kama mtu anafukuzwa.

"Mdomo," Mama akasema, na ulimi ulikuwa mzito. "Mdomo yangu imefura."

Mzee akasimama. "Mmemdunga nini?"

Alisema polepole, na chumba chote kikawa kidogo. Sikuhitaji kuambiwa ni nini kilikuwa ndani ya hilo swali. Nilikuwa mtoto wa upande ule, mwenye lugha ile ya waliochoma, na bibi yake alikuwa amelala mbele yangu anatoka jasho. Kama Mzee angembeba hivyo akashuka naye ngazi, angekufa njiani, na Munyaka yote ingejua ni nani alimuua.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwa boksi nyekundu. Kufura, sindano, nikaona sura ya yule kijana wa shuka. Nikaifungua.

"Ngoja," daktari alisema. "Angalia kwanza."

"Lakini amesema amefura."

"Amesema. Wewe angalia."

Nikamwangalia kwa kweli. Nilishusha kola yake, shingo ilikuwa safi. Nikapandisha mikono ya sweta, hakuna kipele. Hakuwa anajikuna mahali. Nikaweka sikio karibu na mdomo wake, pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila mluzi. Daktari akashika midomo yake kwa vidole, upande huu na upande ule, akanionyesha. Ilikuwa sawa sawa. Haikuwa imefura. Ilikuwa ganzi. Mtu akiwa na ganzi anasikia mdomo umekuwa kama wa ngamia, na ukimpa kioo anashangaa.

"Fungeni geti," Mama akasema, kwa ukali. "Mbuzi zinatoka."

Mama hakuwa na mbuzi. Nilijaribu kumpanguza jasho, akanisukuma mkono, huyu mama ambaye sijawahi kumsikia akipandishia mtoto sauti.

Daktari akainama karibu na yeye. "Mama, leo asubuhi umekula nini?"

Angalia, hakuuliza umekula. Aliuliza umekula nini. Mama aliangalia dari tu. Mzee ndiye alijibu, kutoka mlangoni.

"Hajakula. Jirani alimwambia usikule ukienda kung'olewa jino, utatapika. Tumetoka na giza."

"Lakini nilimuuliza, akasema amekula."

"Sasa daktari," Mzee alisema, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa ati mtu mzima hajui, "angesema nini kwa watu?"

Daktari alikuwa ameshavuta ile mashine ndogo ya kupima sukari. Akadunga kidole, tone likaingia kwa kipande, ikahesabu. Mbili nukta nne. Inatakiwa isiende chini ya nne.

"Glukosi kwa maji," aliniambia. "Vijiko vinne vilivyojaa, kikombe nusu."

Nikakoroga. Mzee akaona ile unga nyeupe, akaja mbele na mkono umenyooshwa.

"Sukari? Mtampa sukari? Huyu ako na sukari! Walituambia asiguse!"

"Mzee, hiyo jina ndiyo inatudanganya," daktari alisema, na alikuwa ameinua kiti tena ndio Mama akae wima asipaliwe. "Ugonjwa ni sukari kupanda. Leo amemeza dawa ya kuishusha na hakuweka chakula ndani. Imeshuka mpaka ubongo umekosa. Hii kikombe ndiyo dawa saa hii. Akilala usingizi kabla hajainywa, siwezi tena kumpa kitu kwa mdomo, itaenda kwa mapafu. Itabidi nitafute mshipa."

Na kweli alikuwa ameanza kufungua kifurushi cha sindano ya mshipa, ndio kama hii ikishindikana asianze kutafuta. Alimwambia Mama ameze mate. Mama akameza. "Vizuri. Anaweza. Mpe."

Nikapeleka kikombe mdomoni mwake. Akageuza uso.

"Mama, kunywa kidogo."

"Tumekunywa," alisema.

Ilikuwa sauti ile ile ya mlangoni. Macho yalikuwa hayanijui, kichwa kilikuwa na mbuzi, lakini hiyo moja ilikuwa imebaki ndani yake, imeshika kama kufuli. Nikajaribu tena, akafunga meno. Daktari akajaribu, akafunga zaidi. Mzee akasema, nipe mimi, na Mama akakipiga kikombe kidogo, maji yakamwagika kwa shuka ya kifuani.

Mimi sina subira. Kila mtu anajua. Lakini kuna kitu niliona wazi, sijui kilitoka wapi, pengine kilitoka kwa jikoni yetu. Kwetu mwenye kupeana kinywaji anaonja kwanza, mbele ya mgeni, ndio mgeni aone ni salama. Kwao pia wanafanya hivyo. Pande zote mbili za ile ua, hiyo ni sawa.

Nikashusha barakoa. Nikanywa funda moja mbele yake, nikameza ndio aone koo ikicheza. Ilikuwa tamu mbaya.

"Mama. Ni mtoto wa maziwa. Ona, nimeonja."

Aliniangalia mdomo. Halafu macho. Alikaa hivyo, mpaka nikasikia Mzee akivuta pumzi nyuma yangu.

"Umepaka pande zote?" aliniuliza.

"Pande zote, Mama."

Akafungua mdomo.

Upande wa ganzi haukuweza kushika maji. Yalikuwa yanamtoka kwa pembe, yanashuka kidevuni, na nikaweka kidole changu hapo chini ya mdomo wake, nikaufunga kama mtu anavyofunga kwa mtoto mchanga, anywe kidogo, ameze, tena kidogo. Daktari alikuwa anasema polepole, polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna mahali nilikuwa nataka kwenda. Kikombe kikaisha. Hakusukuma mkono wangu. Alishika vidole vyangu vilivyobaki, akakaa navyo mapajani.

Tulikaa. Daktari alikuwa amesema robo saa ndio tupime tena, na usifikiri mtu anaamka kama taa. Kwanza mikono iliacha kutetemeka. Halafu jasho likakauka. Halafu akaangalia chumba kama mtu aliyeteremka mahali asipojua, akaona Mzee.

"Umevua kofia kwa nini?" alimuuliza. "Kuna mtu amekufa?"

Mzee akaivaa haraka, akaivua tena, akageuka akaangalia picha ya meno ukutani kwa muda mrefu.

Tukapima: nne nukta nane. Nilishuka chini nikanunua mkate na chai ya maziwa. Daktari hakutaka aipate ikiwa moto, kwa sababu mdomo wenye ganzi haujui kuungua na unaweza kujiuma bila habari. Ikapoa, nikachovya mkate, nikamwekea upande mzima. Nilipogeuka kutafuta leso, alikuwa ameshachukua kikombe mwenyewe.

Jino halikung'olewa siku hiyo. Daktari alisema zile tembe zake zinakaa mwilini sana na sukari inaweza kuteremka tena, na si kitu ya kurudi nayo nyumbani. Alifunga kliniki akawapeleka hospitali na gari yake ndio wamwangalie na wamtazamie upya dawa. Kwa ngazi, Mzee alinisubiri mpaka wengine watangulie.

"Na kama ingekuwa sumu?" aliniuliza. "Ungekunywa?"

"Mimi ndio nilikoroga, Mzee."

Alifikiria. "Basi," alisema, akashuka.

Daktari aliporudi alinipata nasugua kiti. Alikaa kwa kile kiti kidogo ambacho miguu yangu iliwahi kulala juu yake.

"Siku ingine," alisema, "tumia vikombe viwili. Onja yako, mpe yake. Hii ni kliniki."

"Sawa."

"Lakini ulifanya vizuri."

Sikumwacha amalize, nilikuwa nimeanza kulia.

Kutoka siku hiyo hatukuuliza tena mtu kama amekula. Tuliuliza: asubuhi ulikunywa chai na nini? Watu wanacheka, wanafikiri tunawachokoza, lakini wanajibu. Chai na kiazi kitamu. Chai kavu. Chai peke yake ya jana. Kuna wengine wananyamaza, na hao ndio nilikuwa nashuka kuwanunulia mkate kabla hata daktari hajavaa glavu.

Mama alirudi akang'olewa jino lake baada ya dawa kubadilishwa. Nilimuuliza alikunywa chai na nini. Alisema na ugali ya jana na mboga, na akaniangalia kwa ukali wa mchezo, ati nikatae kama naweza.

Nyumbani sikusema kitu. Mambo ya kiti yanabaki kwa kiti. Lakini jioni moja nilikuwa nakata nyasi za ng'ombe nikasikia geti yetu ikilia. Mama alikuwa amesimama hapo na kibuyu chake kidogo mkononi, hajaingia, hajarudi nyuma. Mama yangu alitoka jikoni akipanguza mikono kwa leso. Waliangaliana. Wote wawili walikuwa wamezeeka tangu mara ya mwisho kusimama karibu hivyo.

"Maziwa imebaki?" Mama akauliza.

"Imebaki," mama yangu akasema. Halafu, kwa sababu hakujua kusema kitu ingine, kinywa chake kikafanya kile kinafanya kila siku. "Karibu. Umekula?"

Mama aliangalia upande wangu, kwa nyasi. Akacheka, na nikaona lile pengo tulilomwachia.

"Sijakula," alisema.

Mama yangu aliingia kuweka sufuria kwa jiko. Alikaa huko ndani muda mrefu kuliko chai inavyotaka, na sisi wawili tukamngoja.